Kwa Nini Mgodi Hukopa kwa Mwenye Mgodi

Kanda ya dhahabu inayoanzia Kahama, mkoani Shinyanga, hadi Geita ina swali lililodumu zaidi ya miaka 20. Malori yanapishana, mitambo inasaga mawe usiku na mchana, bei ya dhahabu duniani inapanda, lakini hesabu zinazopelekwa Mamlaka ya Mapato (TRA) mara nyingi zimeonyesha hasara au faida ndogo. Wengi wamejibu kwa neno moja: wizi. Jibu hilo linatosheleza hasira, ila linaficha sababu iliyoandikwa wazi katika sheria. Mwekezaji anapoamua kuuletea mgodi fedha kama mkopo badala ya hisa, sheria ya kodi humpa unafuu. Havunji sheria yoyote. Anaifuata.

Mkanganyiko wa pili unatokana na kuchanganya malipo ya aina mbalimbali. Mrabaha, ambao tangu mwaka 2017 ni asilimia 6 ya thamani ghafi ya dhahabu, na ushuru wa huduma unaokwenda halmashauri, hutozwa kwenye mauzo. Mgodi ukiwa na madeni au usiwe nayo, malipo hayo hayabadiliki. Ndiyo maana halmashauri ya Geita inaweza kupokea fedha mwaka ambao Hazina haikupata hata senti ya kodi ya kampuni. Deni linakula sehemu nyingine mbili: kodi ya mapato ya kampuni, ambayo ni asilimia 30 ya faida, na gawio la wanahisa. Uchambuzi huu unahusu sehemu hizo mbili, pamoja na kodi ya zuio inayokatwa fedha zinapokwenda nje.

Chanzo cha upendeleo

Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inaihesabu riba kuwa gharama ya kuendesha biashara, sawa na dizeli, mishahara au umeme. Gawio halihesabiwi hivyo, kwa kuwa ni mgao wa faida ambayo kodi yake imeshalipwa. Tofauti hiyo ndiyo msingi wa jambo zima. Anayetoa fedha ni yule yule, zinakwenda kwenye shimo lile lile, na anachotaka ni kile kile, yaani fedha zake zirudi na ziada juu yake. Ila ziada ikiitwa riba inatoka kabla ya kodi, na ikiitwa gawio inatoka baada ya kodi.

Tanzania haikubuni mpangilio huu. Marekani iliruhusu riba yote ikatwe tangu mwaka 1918, na karibu dunia nzima ina kanuni kama hiyo. Hoja yake ina mantiki pale mkopeshaji anapokuwa mtu baki. Mwenye kiwanda cha kuchambua pamba Shinyanga akikopa benki ya hapa nchini, riba anayolipa inakuwa mapato ya benki, na benki inalipa kodi hapa hapa. Kodi imehama mkono bila kutoka nchini.

Mgodi mkubwa ni habari nyingine. Kampuni yenye leseni huwa ni mtoto wa kampuni ya nje, na mzazi huyo ana uhuru wa kuchagua fedha zake ziandikwe hisa au mkopo wa mwanahisa. Kwake hatari haibadiliki. Dhahabu isipopatikana, amepoteza vyote viwili. Riba ikishavuka mpaka, Tanzania inabaki na kodi ya zuio ya asilimia 10 tu, na mara nyingi mkopo wenyewe hutolewa na kampuni dada iliyosajiliwa mahali ambako mapato ya riba hayatozwi kodi kubwa.

Kwa mchimbaji mdogo wa Geita mambo huenda kinyume kabisa. Mfadhili anayetoa fedha za kamba, pampu, magogo ya kuzuia kuta na chakula cha wachimbaji halipwi riba. Anasubiri mawe yatoke na mifuko igawanywe kati yake, mwenye duara, mwenye leseni na wachimbaji. Shimo likikauka, wote wamekosa. Huo ni mtaji wa hisa katika maana yake halisi, nao unabeba hatari kubwa ya uchimbaji bila nafuu yoyote ya kodi ya kuusindikiza.

Hesabu yenyewe

Tuchukue mgodi wa kufikirika wenye mtaji wa dola milioni 100, unaopata faida ya milioni 20 kwa mwaka kabla ya riba na kodi. Serikali ina asilimia 16 ya hisa bila kuzilipia, kama Sheria ya Madini inavyotaka tangu marekebisho ya mwaka 2017. Ili hesabu isitupotee, tuchukulie kwamba faida yote inayobaki baada ya kodi hugawiwa mwaka huo huo, na kwamba gawio linalokwenda nje hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 10.

Mtaji wote ukiwa hisa, kodi ya kampuni ni milioni 6. Katika milioni 14 zinazobaki, gawio la serikali ni milioni 2.24. Mzazi anapata zilizosalia baada ya kukatwa kodi ya zuio ya karibu milioni 1.18. Kwa jumla Hazina imepata takriban milioni 9.4.

Sasa mzazi yule yule anagawa fedha zake: milioni 70 mkopo wenye riba ya asilimia 10, milioni 30 hisa. Mgodi, mashine na dhahabu havijabadilika. Riba ni milioni 7, faida inayotozwa kodi inashuka hadi 13, na kodi ya kampuni inakuwa milioni 3.9. Gawio la serikali linashuka hadi milioni 1.46. Kodi ya zuio kwenye gawio inaleta milioni 0.76, ile ya kwenye riba milioni 0.7. Jumla ya Hazina ni takriban milioni 6.8.

Pengo ni milioni 2.6 kila mwaka, nalo limetokana na maandishi peke yake. Sehemu kubwa yake, milioni 2.1, ni kodi ya kampuni iliyopungua. Lakini karibu milioni 0.8 ni gawio la serikali lililopungua, na mijadala yetu huiruka sehemu hiyo; kodi ya zuio iliyoongezeka inafidia kidogo tu. Serikali hupoteza mara mbili, kwanza kama mtoza kodi, kisha kama mwanahisa, maana riba hutolewa kabla ya faida kugawanywa.

Bado hatujagusa marejesho ya mkopo wenyewe. Milioni 70 zile hazikatwi kwenye kodi, ila zinaweza kulipwa kabla ya gawio lolote, na zikirudi hazitozwi kodi ya zuio. Mgodi unaweza kumpelekea mzazi fedha nyingi kwa miaka mingi bila kutangaza gawio hata siku moja.

Yaliyotokea Kahama na Mwadui

Mgodi wa Bulyanhulu ulianza uzalishaji mwaka 2001, na Geita mwaka mmoja kabla yake. Wawekezaji waliingia chini ya sheria za mwaka 1997 na 1998, zilizoruhusu gharama za uwekezaji kukatwa mapema, tena na nyongeza ya asilimia 15 juu ya gharama ambazo hazijarudishwa. Nyongeza hiyo ilichochea sakata la Buzwagi mwaka 2007, Zitto Kabwe alipohoji bungeni mkataba uliosainiwa London. Iliyofuata ni kamati ya Jaji Mark Bomani, kisha Sheria ya Madini ya mwaka 2010. Ni muhimu kulitaja hili kwa sababu hasara za miaka ile haziwezi kuwekwa zote kwenye mlango wa riba. Makato ya uwekezaji na nyongeza ile yalikuwa na mzigo wake. Anayetaka kujua riba imekula kiasi gani anapaswa kufungua hesabu zilizokaguliwa na kutazama kifungu kimoja tu: riba iliyolipwa kwa wahusika wa kundi moja. Akikuta faida ya uendeshaji ipo na riba hiyo ndiyo inayoigeuza kuwa hasara, amepata jibu.

Kesi ya African Barrick Gold nayo imechangia mkanganyiko. Kampuni hiyo iliandikishwa katika soko la hisa la London mwaka 2010 na ikawalipa wanahisa wake gawio huku migodi yake ya Tanzania ikitangaza hasara. TRA ilidai kodi ya zuio ya takriban dola milioni 41, Baraza la Rufani za Kodi likaipa ushindi mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikatupa rufaa ya kampuni mwaka 2020. Wengi huitaja kesi hiyo kama ushahidi wa ujanja wa mikopo. Kisheria ilihusu ukaazi wa kampuni na kodi ya zuio kwenye gawio. Haikuamua lolote kuhusu uhalali wa riba. Iliacha somo moja tu linalotuhusu hapa: hasara kwenye vitabu vya mgodi haimaanishi kwamba fedha haziwafikii walio juu.

Baada ya zuio la makinikia la mwaka 2017, mazungumzo kati ya serikali na Barrick yalizaa Kampuni ya Madini ya Twiga, na makubaliano yake yalisainiwa Januari 2020. Serikali ilipata asilimia 16, pamoja na kanuni ya kugawana manufaa ya kiuchumi nusu kwa nusu. Oktoba mwaka huo Twiga ilitangaza mgao wa kwanza wa dola milioni 250, na serikali ikapata milioni 40, yaani asilimia 16 kamili. Thamani ya kanuni ya nusu kwa nusu iko hapa: inatazama jumla ya kodi, mrabaha na gawio badala ya kusubiri faida iliyobaki baada ya riba. Hata hivyo nayo huhesabiwa baada ya mwekezaji kurudisha mtaji wake, kwa hiyo ukubwa na sura ya mtaji huo bado vina uzito.

Mwadui, wilayani Kishapu, hali ni hiyo hiyo kwa upande wa almasi. Serikali ilikuwa na asilimia 25 ya mgodi huo, unaojulikana kama Williamson, kwa miaka mingi, huku mgodi ukidaiwa na mbia wake mkubwa, Petra. Makubaliano ya Desemba 2021 yalipanga upya mtaji na kupandisha hisa za serikali hadi asilimia 37. Hisa kubwa zaidi ni jambo jema, ila mwenye robo ya hisa za kampuni iliyozama kwenye madeni ya mbia wake amekaa nyuma ya foleni, na hata akiongezewa hisa atabaki nyuma mradi madeni yapo.

Msimamo wa kwanza: riba iachwe, iwekewe mipaka ya uwiano

Huu ndio msimamo wa sheria ya Tanzania leo. Kampuni ambayo asilimia 25 au zaidi ya umiliki wake iko kwa wasio wakaazi, au kwa taasisi zilizosamehewa kodi, inaruhusiwa kukata riba hadi kiwango cha deni la 70 dhidi ya mtaji wa hisa wa 30. Mtaji huo unajumuisha faida zilizolimbikizwa. Mikopo kutoka taasisi za fedha za ndani haihesabiwi, na ya benki za nje zinazokatwa kodi ya zuio haihesabiwi pia. Riba ya deni linalozidi hapo haikatwi.

Nguvu ya kanuni hii ni wepesi wake. Mkaguzi anahitaji mizania na kikokotoo. Mwekezaji naye anajua mapema atakachoruhusiwa, jambo lenye uzito kwa mradi unaochukua miaka kadhaa kabla ya kutoa dhahabu ya kwanza.

Udhaifu wake ni kwamba inapima ukubwa wa deni na kuiacha bei yake. Katika mfano wetu, deni ni 70 kwa 30 na kanuni imetimizwa. Mzazi akipandisha riba kutoka asilimia 10 hadi 14, uwiano haujaguswa, lakini mapato ya Hazina yanashuka kutoka milioni 6.8 hadi 5.8. Kinga iliyobaki ni kanuni za bei kati ya kampuni zenye uhusiano, zinazotaka riba ilingane na ambayo mtu baki angetoza. Hapo TRA inalazimika kuthibitisha mgodi wa Geita ungekopa kwa riba gani sokoni, na ubishi wa namna hiyo unaweza kumaliza miaka mahakamani. Pia 70 kwa 30 ni kiwango cha juu mno kwa dhahabu. Benki makini haikopeshi kirahisi kiasi hicho kwa mradi ambao bei ya zao lake ilishuka kutoka karibu dola 1,900 kwa wakia mwaka 2011 hadi takriban 1,200 mwishoni mwa 2013. Kikomo ambacho soko lenyewe lisingekifikia hakizuii chochote.

Msimamo wa pili: mipaka ifuate mapato

Uganda iliacha uwiano wa deni na mtaji mwaka 2018. Kanuni mpya iliiruhusu kampuni iliyo ndani ya kundi kukata riba isiyozidi asilimia 30 ya faida kabla ya riba, kodi na uchakavu, na kusogeza mbele riba iliyozidi kwa miaka mitatu. Kenya ilianza kutumia kikomo kama hicho Januari 2022, kisha mwaka 2023 ikakibana kiwahusu wanaokopa kwa wasio wakaazi tu, baada ya kampuni za ndani zenye mikopo ya kawaida kuumia. Marekebisho hayo ya Kenya yana funzo. Kanuni iliyolenga kampuni za kimataifa ilimpata pia mfanyabiashara aliyekopa benki ya jirani.

Kwa mgodi wetu, tuseme uchakavu ni milioni 10. Mwaka mzuri, faida kabla ya riba, kodi na uchakavu ni milioni 30, kwa hiyo kikomo cha riba ni milioni 9. Riba ya milioni 7 inapita. Ile ya asilimia 14, yaani milioni 9.8, inakatwa sehemu. Kanuni hii inazuia ukubwa wa deni na bei yake kwa pamoja, na mkaguzi hahitaji kubishana kuhusu riba ya soko.

Mwaka mbaya sura inageuka. Faida kabla ya riba ikishuka hadi milioni 5, kikomo kinakuwa milioni 4.5, na mgodi uliolipa riba ya milioni 7 utatozwa kodi ilhali kiuhalisia umepata hasara. Kama mkopo ni wa mzazi, simwonei huruma sana, kwa kuwa ana uwezo wa kuusamehe au kuugeuza hisa siku yoyote. Kama ni wa benki, mgodi umebanwa pande zote mbili, na wasambazaji wa Kahama watakuwa wa mwisho kulipwa.

Msimamo wa tatu: hisa nazo zipewe makato

Wachumi wengine husema tiba ya upendeleo ni kumpa mwenye hisa nafuu kama ya mkopeshaji. Ubelgiji ilifanya hivyo kuanzia mwaka 2006, ikiziruhusu kampuni kukata riba ya kufikirika kwenye mtaji wao wa hisa. Iliufuta mpango huo mwaka 2023, baada ya makundi makubwa kuutumia kupunguza kodi kupita lengo lake.

Kwa Tanzania pendekezo hili linaonekana hatari moja kwa moja, lakini lina jambo la kushangaza. Turudi kwenye mgodi wa hisa tupu na tukate asilimia 8 ya mtaji, yaani milioni 8. Kodi ya kampuni inashuka hadi milioni 3.6, chini kuliko kwenye mkopo. Hata hivyo faida iliyobaki inakuwa gawio, serikali ina asilimia 16 yake, na jumla ya Hazina inafika milioni 7.6. Ni chini sana ya 9.4, lakini ni zaidi ya 6.8. Kwa maneno mengine, nchi yenye hisa ndani ya mgodi inapata zaidi kwa nafuu iliyopewa hisa kuliko kwa nafuu iliyopewa mkopo wa mbia. Pamoja na hayo, nisingeishauri njia hii kwa migodi iliyopo. Ingefuta kodi kwenye mtaji ambao tayari umeshawekwa, bila kuvuta dola mpya.

Msimamo wa nne: riba isikatwe kabisa

Wizara ya fedha ya Marekani ililichambua wazo hili mwaka 1992, nalo halikufika sheria. Kodi ya kampuni ingekuwa milioni 6 bila kujali mtaji umeandikwaje. Kikwazo ni ushindani. Nchi ikilitekeleza peke yake, mkopo wa benki wa mradi wake unakuwa ghali kuliko wa Ghana au Burkina Faso, na kampuni za ndani zisizo na mzazi tajiri ndizo zinazoumia kwanza.

Kuna kikwazo kingine kisichosemwa. Hata riba ikinyimwa makato, mgodi wa 70 kwa 30 bado utailipa kabla ya gawio. Hesabu inatoa milioni 8.4 kwa Hazina, pungufu ya 9.4 za mgodi wa hisa tupu. Milioni moja iliyopotea haihusiani na makato ya kodi. Imepotea kwenye hisa za serikali.

Mizani

Mjadala wa Tanzania umekuwa ukitafuta jibu katika sheria ya kodi peke yake, wakati upendeleo huu una njia mbili za kutokea. Njia ya kodi inazibwa na TRA na Bunge. Njia ya gawio inazibwa mezani, katika mkataba wa wanahisa, kabla ya mgodi kukopa.

Kwa njia ya kwanza, naona kikomo cha asilimia 30 ya mapato kinafaa kuliko 70 kwa 30, kwa sharti kwamba kiihusu mikopo ya wanahisa na kampuni dada pamoja na ile ya benki iliyodhaminiwa na amana ya mzazi. Bila sharti hilo la mwisho, mzazi ataweka fedha benki, benki itaukopesha mgodi, na mkopo wa ndani ya kundi utapita ukiwa umevaa jina la benki. Mikopo halisi ya benki za ndani iachwe nje, kwa sababu riba yake inatozwa kodi hapa na kwa sababu Kenya imeshaonyesha gharama ya kuijumuisha. Riba iliyozuiwa mwaka mbaya isogezwe mbele kwa muda mrefu kuliko miaka mitatu ya Uganda. Mgodi unaweza kutumia miaka hiyo yote katika ujenzi tu.

Njia ya pili ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, maana asilimia 16 zisizopunguzwa zinaonekana kama kinga kamili na sivyo. Sheria inazuia hisa za serikali zisipungue mwekezaji anapoongeza mtaji. Mwekezaji mwerevu haongezi mtaji wa hisa. Anaongeza mkopo, na asilimia 16 inabaki 16 ya kitu kinachozidi kuwa kidogo. Kwa hiyo kila mkataba mpya wa wanahisa unahitaji vipengele vitatu: mkopo wowote wa mwanahisa upitishwe na wajumbe wa serikali kwenye bodi, riba yake iwekewe ukomo unaotajwa kwa tarakimu, na fedha za ziada za kila mwaka zigawanywe kwa uwiano uliopangwa kati ya marejesho ya mkopo na gawio, badala ya mkopo kumalizwa kwanza. Wajumbe hao wa bodi wanapaswa kuwa na haki ya kuona mkataba wa mkopo wenyewe, si muhtasari wake, kwa kuwa tarehe ya riba kuanza kuhesabika na utaratibu wa riba juu ya riba huandikwa huko.

Kuna gharama, na ni haki kuitaja. Mwekezaji atakayenyimwa mkopo wa mwanahisa wenye masharti mepesi atadai faida kubwa zaidi mahali pengine kwenye mkataba, au ataahirisha mradi mdogo wenye madini hafifu. Baadhi ya miamba isiyo na dhahabu nyingi kati ya Kahama na Geita itabaki ardhini muda mrefu zaidi. Kwangu hiyo ni gharama inayovumilika, kwa kuwa dhahabu ambayo haijachimbwa haitoroki, ilhali riba iliyokwishalipwa nje hairudi.